Ugumu wa springi si sababu: nitrojeni na joto linalokosekana

Kila mwaka tunapofika sura ya gesi, kuna swali linaloibuka darasani, na mimi hulisubiri kwa hamu. Kitabu kinaeleza kwamba molekuli ya nitrojeni ni atomu mbili zilizoshikana. Kinaeleza pia kwamba nishati ya joto hugawanywa sawasawa kwa kila njia ambayo molekuli inaweza kuibeba: kwenda, kuzunguka, kutetema. Kisha hesabu inafanywa, na mtetemo wa zile atomu mbili unaachwa nje kimyakimya. Mwanafunzi makini ananyoosha mkono: "Mwalimu, mbona mtetemo hatujauhesabu?"

Jibu lililozoeleka ni kwamba kifungo kati ya atomu hizo ni kigumu sana, kwa hiyo joto la chumba haliwezi kukitikisa. Mwanafunzi anaketi, somo linaendelea. Lakini jibu hilo halitoshi. Kwa mekanika ya Newton, ambayo ndiyo tumeitumia kufanya hesabu yote mpaka hapo, ugumu wa kifungo hauna uwezo wa kumsamehe mtu deni hili. Tukilipeleka swali mpaka mwisho wake, tutaona kwamba fizikia ya zamani inavunjika palepale, ndani ya hewa ya kawaida tunayovuta.

Tuanze na kanuni yenyewe, yaani mgawanyo sawa wa nishati. Chukua gesi iliyotulia kwenye halijoto T. Popote nishati ya molekuli inapoandikwa kama namba fulani mara mraba wa kitu kinachobadilika, kwa mfano ½mv² ya mwendo wa kuelekea upande mmoja, sehemu hiyo kwa wastani hupata ½kT, ambapo k ni namba thabiti ya Boltzmann. Haijalishi sehemu hiyo ni ya mwendo, ya mzunguko au ya kuvutwa kwa springi. Kila moja hupata ½kT. Ukihesabu kwa moli nzima, kila sehemu inachangia ½R kwenye uwezo joto wa gesi, yaani joto linalohitajika kuipasha kwa kelvini moja, na R ni jouli 8.314 kwa kila moli kwa kila kelvini.

Gesi ya atomu mojamoja ndiyo rahisi kuliko zote. Atomu ya heliamu inaweza kwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Hizo ni sehemu tatu, kwa hiyo uwezo joto wake ujazo ukiwa haubadiliki ni 3/2 R, sawa na jouli 12.47. Ukiiacha gesi itanuke huku kanieneo likibaki palepale, inabidi uongeze R moja nzima kwa ajili ya kazi ya kusukuma, na unapata 20.79. Fungua jedwali lolote la data za kemia utazame heliamu, neoni na agoni: zote tatu zimeandikwa 20.79. Atomu ya agoni ni nzito mara kumi ya heliamu, na bado namba ni ileile hadi desimali ya pili.

Kanuni hii iliwahi kutatua swali ambalo kemia ilishindwa kulishika. Rayleigh na Ramsay walipoigundua agoni mwaka 1894, gesi hiyo ilikataa kuungana na kitu chochote, kwa hiyo njia za kawaida za kujua molekuli yake ina atomu ngapi hazikufanya kazi. Wakapima kasi ya sauti ndani yake. Kasi ya sauti kwenye gesi hutegemea uwiano wa uwezo joto mbili nilizozitaja, ule wa kanieneo lisilobadilika kugawanywa kwa ule wa ujazo usiobadilika, uwiano unaoandikwa γ. Kwa atomu mojamoja kanuni inatabiri 5/3, yaani 1.67. Vipimo vikatoa karibu 1.66. Agoni basi ni atomu mojamoja, na uzito wa atomu yake ni karibu 40. Kundt na Warburg walikuwa wameipita njia hiyohiyo karibu miaka ishirini kabla, kwa mvuke wa zebaki.

Sasa twende kwenye nitrojeni. Molekuli yake inakwenda pande tatu kama heliamu: sehemu tatu. Inazunguka kuhusu mihimili miwili iliyokata wima mstari unaounganisha atomu zake: sehemu mbili. (Mhimili wa tatu, ule unaopita katikati ya atomu zote mbili, nitaurudia mwishoni, kwa sababu nao unadaiwa maelezo.) Halafu kuna mtetemo, atomu zikikaribiana na kuachana. Huu unabeba nishati kwa namna mbili kwa wakati mmoja, mwendo wa atomu na mvuto wa kifungo, kwa hiyo ni sehemu mbili nyingine. Jumla saba. Uwezo joto ujazo ukiwa haubadiliki ungepaswa kuwa 7/2 R, yaani jouli 29.10.

Kipimo kinasema 20.8, sawa na 5/2 R. Kimepungua R moja kamili, fungu lote la mtetemo. Angalizo kidogo kwa anayefuatilia na jedwali mkononi: 29.1 utaiona kwenye mstari wa nitrojeni, ila pale ni uwezo joto wa kanieneo lisilobadilika, ambao ni 5/2 R ukijumlisha R. Namba mbili tofauti zimeangukia thamani moja kwa bahati, na nimeona watu wakidhani kwamba kipimo kimethibitisha utabiri wa sehemu saba.

Ukosefu huu hauhitaji maabara ya kifahari. Chukua ule mrija mrefu wa kioo wa zoezi la mwangwi wa sauti, unaoinua na kushusha maji ndani yake, na ile uma ya chuma inayotoa mlio wa hezi 512. Gonga uma, ishike juu ya mdomo wa mrija, shusha maji taratibu. Maji yakifika kama sentimita 16 chini ya mdomo, mrija unaitika kwa nguvu. Endelea kushusha, karibu na sentimita 50 unaitika tena. Usitumie umbali wa kwanza peke yake, kwa sababu hewa iliyo juu kidogo ya mdomo nayo hutetema, na mrija unakuwa kama mrefu zaidi ya unavyoupima. Toa umbali wa kwanza kwenye wa pili, kasoro hiyo inafutika, na tofauti inayobaki ni nusu ya urefu wa wimbi.

Tuseme ni mchana wa Dar es Salaam na chumba kina nyuzi 30. Kasi ya sauti ni kipeuo cha pili cha γRT/M, na M, yaani uzito wa moli moja, kwa hewa ni kilo 0.02896. Hewa karibu yote ni nitrojeni na oksijeni, zote za atomu mbilimbili, kwa hiyo zinafanana kwa hesabu hii. Kama mtetemo unahesabiwa, γ ni 9/7, kasi inatoka mita 334.5 kwa sekunde, na nusu ya wimbi ni sentimita 32.7. Kama hauhesabiwi, γ ni 7/5, kasi ni mita 349, na nusu ya wimbi ni sentimita 34.1. Tofauti ni sentimita 1.4, ambayo rula ya mwanafunzi inaiona bila shida. Kipimo kikifanywa kwa uangalifu huangukia 34 na kitu. Unyevu wa pwani unaongeza kama milimita mbili, kwa kuwa mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa, lakini unasukuma upande wa pili, mbali zaidi na 32.7. Kosa la nyuzi mbili kwenye kipimajoto ni kama milimita moja. Hakuna kasoro ya kawaida ya chumba hicho inayoweza kuziba pengo la sentimita 1.4.

Kwa hiyo mtetemo haupo kwenye hesabu ya joto. Tulirudie lile jibu la ugumu tulipime. Andika nishati ya kifungo kama ½Kx², ambapo x ni kiasi ambacho atomu zimeachana kupita umbali wao wa kawaida, na K ni ugumu wa springi. Kanuni inasema wastani wa ½Kx² ni ½kT. Ongeza ugumu mara mbili. Atomu zitaachana kwa umbali mdogo zaidi, wastani wa x² utapungua nusu, lakini K imepanda mara mbili, kwa hiyo zao lake ni lilelile, ½kT. Ongeza ugumu mara elfu, matokeo hayasogei. Springi ngumu hutetema kwa umbali mdogo zaidi na kwa kasi zaidi, lakini fungu lake la nishati ni lilelile. Njia pekee ya kulikwepa katika mekanika ya Newton ni springi isiyopinda hata kidogo, na springi ya namna hiyo haipo duniani. Tena spektra za mwanga unaotolewa na gesi zilikuwa tayari zinaonyesha kwamba ndani ya molekuli na atomu kuna mitetemo tele, kwa hiyo kwa haki deni lilitakiwa kuwa kubwa kuliko R moja.

James Clerk Maxwell aliliona hili mapema kuliko wengine. Hesabu yake ya 1860 kwa chembe zinazozunguka kila upande ilimpa uwiano wa 1.33, ilhali vipimo vya hewa vilikuwa 1.408, naye hakuficha kwamba tofauti hiyo inaipiga nadharia yenyewe. Mwaka 1875, akihutubia wanakemia, aliitaja kuwa ndiyo shida kubwa kuliko zote zilizowahi kuikabili nadharia ya molekuli. Boltzmann akapendekeza mwaka uliofuata molekuli iliyo kama mzigo wa vichwa viwili usiopinda, wenye sehemu tano, na namba 7/5 ikakaa sawa. Ila hakuna aliyeweza kusema kwa nini usipinde. Aprili 1900 Lord Kelvin alitoa mhadhara London juu ya mawingu mawili yaliyokuwa yameifunika nadharia ya joto na mwanga. Wingu la pili lilikuwa hili hili. Mimi humheshimu Maxwell kwa jambo hili zaidi ya kwa milinganyo yake: alikuwa na kanuni nzuri iliyofanya kazi kwa zebaki, na hakukubali kuitetea kwa visingizio pale ilipokataa hewa.

Kilichokuwa na kasoro ni dhana kwamba mtetemo unaweza kupokea nishati kiasi chochote, hata chembe ndogo namna gani. Desemba ya mwaka huohuo wa 1900 Planck alianza kuivunja dhana hiyo kwa ajili ya mwanga, na 1907 Einstein akaitumia fikra hiyo kwa atomu za vitu vigumu. Mtetemo wenye masafa ν hupanda kwa ngazi, na kila ngazi ina urefu wa hν, h ikiwa namba thabiti ya Planck. Nusu ngazi haipo. Fikiria duka la mtaani lililoacha kuuza mafuta ya kula ya kupima. Zamani mwenye shilingi hamsini alipimiwa ya hamsini, na kila mtu mtaani aliondoka na chochote. Sasa mwenye duka anauza chupa iliyofungwa tu, ya shilingi 1,000, na wastani wa fedha mfukoni mwa watu wa mtaa ule ni shilingi 90. Mafuta yapo, duka liko wazi, ila karibu kila mtu anapita tu.

Hizo 90 na 1,000 sikuzichagua ovyo. Mtetemo wa nitrojeni una masafa ya karibu hezi trilioni 70, na ngazi yake moja ni jouli 4.6 × 10⁻²⁰. Kwenye kelvini 300, kT ni jouli 4.1 × 10⁻²¹. Ngazi ni kubwa mara 11 ya kile ambacho mgongano wa kawaida unaweza kutoa. Idadi ya molekuli zinazofikia ngazi ya kwanza hupungua kama e⁻¹¹·², na hiyo ni takriban molekuli moja katika 70,000. Na hapa ndipo ugumu wa kifungo unapopata hatimaye nafasi yake ya haki. Springi ngumu ina masafa makubwa, masafa makubwa yana ngazi ndefu, na ngazi ndefu haipandwi kwa joto dogo. Lile jibu la darasani lina mwisho sahihi, ila limeruka kiungo cha katikati, na bila kiungo hicho halisimami.

Fizikia huwa inaita hali hii kuganda. Tusilichukue neno hilo kupita kiasi. Atomu za nitrojeni hazijatulia tuli, kwa kuwa hata kwenye ngazi ya chini kabisa mtetemo unabaki na nusu ya hν ambayo haiwezi kuondolewa. Lakini nishati hiyo haiongezeki unapopasha gesi, na uwezo joto unapima kile kinachoongezeka tu.

Ngazi hizi zinatupa kitu ambacho mgawanyo sawa haukuwa nacho, yaani namna mtetemo unavyoamka kidogokidogo. Andika θ kwa halijoto ambayo kT yake inalingana na ngazi moja, na x kwa θ/T. Mchango wa mtetemo kwenye uwezo joto ni

```
C = R · x² · e^(−x) / (1 − e^(−x))²
```

T ikiwa kubwa sana kuliko θ, mlinganyo huu unarudi kwenye R kamili, fungu la Maxwell. T ikiwa ndogo, unaelekea sifuri. Kwa nitrojeni θ ni karibu kelvini 3,350. Kwenye kelvini 300 mchango unatoka jouli 0.015. Kwenye kelvini 1,000 ni 3.5, na kwenye 2,000 ni 6.6, karibu na 8.314 kamili. Anayehesabu joto la injini au tanuri akitumia 5/2 R ya chumbani atapata gesi yenye moto kuliko ilivyo kweli, maana kwenye moto huo mtetemo umeshaanza kunywa sehemu yake ya nishati.

Sasa rudi kwenye jedwali uangalie desimali ambazo kwa kawaida tunazipuuza. 7/2 R ni 29.10. Nitrojeni imeandikwa 29.12, na oksijeni karibu 29.4, kwenye nyuzi 25. Kile kidogo kinachozidi si kosa la kipimo. Kifungo cha oksijeni ni laini kuliko cha nitrojeni, θ yake ni karibu 2,240, na mlinganyo unampa jouli 0.26 za mtetemo kwenye halijoto hiyo. Jumlisha na 29.10 upate 29.36. Zile 0.015 za nitrojeni nazo zinaileta 29.12. Wakati mwingine nawaandikia wanafunzi namba hizi ubaoni na kuwanyamazia tu, wazitazame wenyewe.

Ukitaka kuona mtetemo ulioyeyuka nusu, chukua klorini. Atomu zake ni nzito na kifungo chake kimelegea, θ ni karibu 806. Kwenye kelvini 300, x ni 2.69, mraba wake ni 7.2, na e⁻²·⁶⁹ ni 0.068. Ukimaliza hesabu unapata 0.57 ya R, kwa hiyo uwezo joto ujazo ukiwa haubadiliki ni 3.07 R, sawa na jouli 25.5. Kilichopimwa ni karibu 25.6. Klorini iko katikati ya tano na saba, mahali ambapo kwa nadharia ya zamani hapakuwa na kitu, kwa sababu huwezi kuwa na sehemu sita na kidogo za kubebea nishati. Mtu anayefundisha kwamba gesi za atomu mbilimbili zina 5/2 R ajue kwamba klorini haikubaliani naye hata siku ya baridi ya Makete.

Mizunguko nayo ina ngazi zake, ila kwa nitrojeni ni fupi mno: kipimo chake ni kama kelvini 3, na nitrojeni inageuka kimiminika kwenye kelvini 77. Kabla haijafika mahali pa kugandisha mzunguko inakuwa si gesi tena. Hidrojeni ni tofauti, kwa kuwa atomu zake ni nyepesi kuliko zote, na kipimo cha mzunguko wake ni karibu kelvini 88. Mwaka 1912 Arnold Eucken, akifanya kazi Berlin kwenye maabara ya Nernst, aliipoza hidrojeni na kuona uwezo joto wake ukishuka kutoka 5/2 R hadi, kwenye karibu kelvini 60, 3/2 R. Gesi ya atomu mbilimbili ikawa inabeba joto sawa kabisa na heliamu.

Limebaki deni la mhimili wa tatu, ule unaopita katikati ya atomu zote mbili, pamoja na swali pacha lake: kwa nini atomu ya agoni haihesabiwi kuzunguka yenyewe? Ngazi ya mzunguko huwa ndefu kadiri masi inavyokaa karibu na mhimili. Karibu masi yote ya atomu iko kwenye kiini, ambacho kipo juu ya mhimili wenyewe. Kinachobaki cha kuzungusha ni elektroni tu, na ngazi zao ni ndefu kuliko zote tulizozitaja. Kwa agoni, ngazi ya kwanza juu ya hali yake ya kawaida inalingana na zaidi ya kelvini 130,000. Uso wa Jua una takriban kelvini 5,800, na hata huko agoni ingebaki na 12.47 zake bila kubadilika.